Mistari Miwili Haijawa Hukumu



Imekuwa ada katika nyumba nyingi za pwani yetu kwamba posa ikishakubaliwa, wachumba huombwa wakapime virusi vya Ukimwi kabla ya nikaha. Hatuna neno na ada hiyo, maadamu wawili wenyewe wameridhia, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kipimo hiki kuwa sharti la ndoa. Linalotushughulisha leo ni namna watu wanavyoyasoma majibu. Posa huvunjwa, mahari hurudishwa na heshima ya binti au kijana huingia midomoni mwa watu kwa sababu ya kipimo kimoja cha tone la damu. Basi na tutazame kipimo hicho husema nini hasa.

Kila kipimo kina sifa mbili, na kila sifa huulizwa swali lake. Ya kwanza wataalamu huiita unyeti. Swali lake ni hili: wakikusanywa watu walio na maradhi kwa yakini, kipimo kitawanasa wangapi kati yao? Ya pili huitwa umahususi, nayo swali lake ni: wakikusanywa watu wasio na maradhi kwa yakini, kipimo kitawaachilia wangapi wende zao salama?

Mwenye kusoma fiqhi hatapata taabu hapa, kwani kadhi naye huogopa makosa mawili: kumwachilia mwenye hatia na kumhukumu asiye na hatia. Kipimo chenye unyeti mdogo hufanya kosa la kwanza, na chenye umahususi mdogo hufanya la pili. Sifa moja haiwezi kusimama badala ya nyingine. Lau mtu angetengeneza kipimo kinachomwambia kila ajaye kwamba ni mgonjwa, unyeti wake ungekuwa kamili, maana hakuna mgonjwa angemponyoka. Lakini umahususi wake ungekuwa sufuri, na kisingefaa kitu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha chini kwa vipimo vya haraka vya virusi vya Ukimwi: unyeti usipungue asilimia 99, na umahususi usipungue asilimia 98. Ukisikia hivyo huenda ukasema, basi kipimo kikimwambia mtu anavyo, ni karibu yakini. Hapo ndipo watu wengi hukosea, na hesabu itatuonyesha.

Tuchukue vijana 10,000 wanaokwenda kupima kabla ya ndoa, na tukadirie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba mmoja katika kila 100 ana virusi. Basi wenye virusi ni 100, na wasio navyo ni 9,900. Tukitumia kipimo chenye viwango tulivyovitaja, katika wale 100 kitawanasa 99, na mmoja atapita bila kuonekana. Huo ndio unyeti wa asilimia 99. Katika wale 9,900 wasio na virusi, kitawaachilia 98 katika kila 100, na wawili katika kila 100 kitawashika bure. Wawili katika kila 100 ya 9,900 ni watu 198.

Sasa jumlisha walioonyesha mistari miwili: 99 wenye virusi kweli, na 198 wasio navyo. Jumla ni 297. Yaani katika kila watatu walioambiwa kipimo kimeonyesha virusi, wawili hawana! Wala kipimo hakikuharibika. Kosa lake ni dogo, lakini limeangukia umma mkubwa wa wazima, na kidogo cha kingi huweza kuzidi kingi cha kidogo.

Kwa hiyo maana ya jibu hubadilika kwa kadiri ya waliopimwa. Kipimo kile kile tukikipeleka kwa watu 10,000 ambao 2,000 kati yao wana virusi, kitawanasa 1,980, na katika wazima 8,000 kitawashika bure 160. Hapo zaidi ya tisa katika kila kumi walioonyesha mistari miwili watakuwa navyo kweli. Unyeti na umahususi ni vile vile. Kilichobadilika ni wingi wa wagonjwa katika watu wanaopimwa.

Turudi kwa vijana wetu tutazame walioachiliwa. Ni wazima 9,702 na yule mmoja aliyeponyoka. Jibu la kutokuwa na virusi, basi, ni la kutegemewa sana, ila kwa sharti moja. Kipimo hiki aghalabu hakitafuti kirusi chenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ukishavamiwa. Askari hao huchukua wiki kadhaa hadi kuonekana, na huweza kufika miezi mitatu. Aliyeambukizwa majuzi huweza kuonyesha mstari mmoja naye tayari anavyo, wala unyeti wa asilimia 99 haumhusu bado.

Na mzima je, hushikwa kwa nini? Pengine damu yake ina kingamwili za jambo jingine zinazofanana na zinazotafutwa, nacho kipimo kikazidhania ndizo. Kwa sababu hiyo kipimo cha pili huwa cha aina nyingine, kisichodanganywa kwa urahisi na kitu kile kile. Kurudia cha aina ile ile ni kama kumuuliza shahidi mmoja mara mbili kisha ukahesabu mashahidi wawili.

Tuwapime wale 297 kwa kipimo cha pili chenye viwango sawa, tukichukulia kwamba makosa yake hayafuatani na ya kile cha kwanza. Katika 99 wenye virusi, 98 wataonyesha tena. Katika wazima 198, watabaki wanne tu. Walioshikwa mara mbili ni 102, na 98 kati yao wanavyo kweli. Cha tatu kikiongezwa, hao wanne nao karibu wote huondoka. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeshauri nchi zote kwamba mtu asiambiwe ana virusi mpaka vipimo vitatu mfululizo vikubaliane. Vikikhitilafiana bila kufikia uamuzi, huambiwa arudi baada ya siku 14.

Kwa hivyo, enyi mama na enyi mawalii, mkiletewa khabari ya mistari miwili, ulizeni: ni kipimo cha ngapi? Vilivyofuata vilikuwa vya aina nyingine? Ikiwa ni cha kwanza tu, hapana hukumu. Mchumba na arejee kituoni akamilishe, na ndimi zifungwe, kwani sheria ile ile inakataza kuyatoa majibu ya mtu bila idhini yake. Na ikiwa vitatu vimekubaliana, basi hiyo ni khabari ya kuaminiwa, na aanze dawa bila kukawia. Dawa hizo hukidhoofisha kirusi hata huweza kisionekane katika damu, na anayefikia hapo na kudumu nazo hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya unyumba. Hata hapo nikaha haijaharamika. Ni shauri la wawili wanaojua ukweli wote.

Wabillahi tawfiq.