Watazamaji 11,000, Chapo Hazijanunuliwa

Wasee, leo najichoma mwenyewe. Mimi hula kwa kutengeneza kontenti, na bado nasema: hiyo video yako iliyotrendi huenda haijauza kitu.

Siste yangu mdogo anasoma ujasiriamali. Asainmenti yao ilikuwa hivi: anzisha biashara ndogo, itangaze kwa pesa kidogo, kisha useme ni mbinu gani ilifanya kazi. Yeye na wenzake wawili wakaanza kuuza chapo madondo kwenye kibanda karibu na geti la kiwanda kimoja, Eneo la Viwanda, Thika. Sahani ni bob 100. Unga, maharagwe, mafuta na makaa vinakula 65. Inabaki 35. Ya matangazo walikuwa na bob 3,000 walizokopa kwa chama cha mathe, na hizo lazima zirudi.

Wakazigawa mara tatu. Elfu moja ilichapisha vipeperushi 200 vya kugawa steji. Elfu moja nilipewa mimi nishuti video na kuilipia itangazwe. Elfu ya mwisho ilipika vionjo 40 vya kugawa getini shifti ikibadilika, kila kionjo na kadi: nunua sahani tano, ya sita ni bure.

Ripoti yao ya kwanza ilisema video ndiyo mshindi, kwa sababu ilitazamwa mara 11,000. Hapo ndipo nilikasirika. Walitazama kina nani? Nusu ya komenti zilitoka Mombasa na Nakuru. Nani atapanda matatu kutoka Nakuru kuja kula madondo Thika?

Bahati nzuri walikuwa wameweka alama. Ukija na kipeperushi, unakiacha. Ukitoka kwa video, unataja neno nililosema mwishoni. Ukionja, una kadi. Kwa hivyo tukarudi kwa daftari na kuuliza swali moja tu: nani alirudi kununua mara ya pili ndani ya wiki mbili?

Video ilileta watu watatu, akarudi mmoja. Huyo mteja aligharimu bob 1,000. Vipeperushi vilileta 14, wakarudi wawili, yaani 500 kila mmoja. Vionjo vilileta 19, wakarudi tisa. Gawanya elfu moja kwa tisa: kama bob 111 kwa kichwa.

Sasa weka ile 35 hapo. Mteja wa kionjo akila sahani nne, amelipa gharama ya kumpata. Wa kipeperushi lazima ale 15. Wangu wa video lazima ale 29, na huyo jamaa sijamwona tena.

Kabla ushangilie, kulikuwa na shimo. Vionjo viligawiwa tarehe 3, watu wana mkwanja. Vipeperushi viligawiwa tarehe 22, mfuko umekauka, mtu anakunywa maji na kuendelea na kazi. Hapo hujui kama ni mbinu iliuza au ni mshahara. Niliwaambia warudie vionjo wiki kavu, kwa bajeti ileile. Wakarudi watano badala ya tisa. Bob 200 kwa kichwa. Bado wanashinda vipeperushi, lakini si kwa ukubwa ule wa kwanza. Hiyo ndiyo namba ya kweli ya kuandika. Kitu kingine: kwa kila aliyerudi, waliuliza kama alikuwa anakijua kibanda hata kabla ya kuonja. Mtu ambaye angekuja tu hafai kuhesabiwa kama ushindi wa tangazo.

Kuna msee atasema, si mngebandika tu stika kwa nguzo za stima, ni bure? Si bure. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje, na ukibandika bila kibali, faini inaweza kumeza faida ya wiki nzima. Na usikusanye namba za simu kwa kadi uanze kuwatumia watu meseji bila ruhusa yao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Jay Conrad Levinson, aliyetoa kitabu cha Guerrilla Marketing mwaka wa 1984, alikuwa anaongea na watu wenye biashara ndogo na pesa kidogo. Kipimo chake kilikuwa faida. Sisi tumechukua jina, tumebaki na vituko. Mtu anavaa sanduku la mayai barabarani, anapigwa picha, anaita hiyo mauzo.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina cheti cha kukuambia hivi. Nina daftari la siste, lina mafuta ya chapo. Deni la chama bado halijaisha, lakini linalipwa na wale wa kadi. Kama wewe ni mwanafunzi na unaandika asainmenti kama hii, usiniletee laiki. Niambie nani alirudi, na alikugharimu ngapi.