Zangu za 2012 hazikuwa kipimo

Mwaka jana nilimwita mtu tapeli, na kosa lilikuwa langu. Mdogo wangu alinunua raba za Air Jordan 4, zile nyeusi zenye nyekundu watu wanaziita Bred. Zilikuwa mtumba lakini safi, na aliyemuuzia ni jamaa tunayecheza naye mpira kila Jumapili. Mimi kama kaka mjuaji nikamwambia, hebu geuza nione kisigino. Pameandikwa Nike Air. "Feki hizo, bwana! Rudisha."

Sababu yangu? Mimi nina Bred za 2012, na kisigino chake kina yule mtu anayeruka na mpira. Picha zote nilizohifadhi kwenye simu zilikuwa hivyohivyo.

Kumbe kiatu hiki kilipotoka mara ya kwanza, 1989, kilikuwa na Nike Air kisiginoni. Toleo la 2012 likaweka mtu anayeruka, halafu la 2019 likarudisha Nike Air. Za mdogo wangu ni za 2019. Kile nilichokiona kama ushahidi wa utapeli ndicho kilichotakiwa kuwepo. Zingekuwa na mtu anayeruka, hapo ndipo ningekuwa na haki ya kupiga kelele.

Na bado haijaisha. 2024 wametoa nyingine, ya ngozi laini ya kawaida, wakati ile ya 2019 ukiipapasa unasikia kama mahameli. Mtu akiishika hiyo mpya huku anatazama picha za 2019, ataapa kwamba kauziwa takataka.

Ningeanza na lebo ndogo iliyomo ndani ya kiatu, tusingefika huko. Pale kwenye saizi pana namba. Zangu ni 308497-089, zake 308497-060. Tarakimu sita za mwanzo zinafanana kwa sababu ni muundo uleule. Tatu za mwisho ndizo zilizotofautisha toleo na toleo. Tarehe za kutengenezwa nazo zipo, ila usishtuke zikionyesha miezi kadhaa kabla ya kiatu kuingia dukani, ndivyo kazi ya kiwanda ilivyo.

Sasa tusidanganyane: wanaotengeneza feki wanachapisha lebo pia. Namba ikiwa sahihi haithibitishi kiatu. Inakuambia tu ufungue picha zipi. Ukishapata picha za toleo lilelile, ndipo utazame mishono, umbo la kisigino, na kama namba ya kwenye boksi inalingana na ya ndani. Mimi niliruka hatua hiyo ya kwanza, nikakimbilia hukumu.

Nilimpigia jamaa kumwomba radhi. Alisema yameisha, kaka, usijali. Ila Jumapili uwanjani, pasi zake kwangu bado zinakuja shingo upande.