Maji ya Moto, Maji Baridi na Rai Niliyoibadili

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema, darasani na nje ya darasa, kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko maji baridi, na kwamba jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa hapa Tanzania. Sasa sisemi hivyo tena. Kwa kuwa wapo walioyapokea maneno hayo kutoka kwangu, ni haki yao kuelezwa sababu.

Habari yenyewe yajulikana. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Osborne hakuamini, lakini alilipima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao: maji yaliyoanza na joto la nyuzi 25 ndiyo yaliyokawia zaidi kuanza kuganda, na yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliyatangulia kwa mbali.

Wapinzani walikuwa na hoja moja ya zamani. Walisema kwamba maji ya nyuzi 90 hayana budi kupita nyuzi 25 kabla ya kufika 0, basi yatawezaje kuyashinda maji yaliyoanzia hapo? Hoja hiyo haikunitikisa, nami hata leo naiona dhaifu. Nilijibu kwamba yanapofika nyuzi 25 hayo si maji yale yale: sehemu yake imekwenda na mvuke, na yaliyobaki hayana joto moja, kwani ya juu ni ya moto kuliko ya chini. Kisha nikajaribu nyumbani kwa vikombe viwili, na kile cha moto kikatangulia. Nikaridhika.

Kilichonigeuza ni makala ya mwaka 2016 ya watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden. Hao walilichukua jibu langu mwenyewe na kulifuata hadi mwisho wake. Ikiwa ndani ya chombo kimoja maji ya juu na ya chini hayana joto moja, basi kipimajoto kimewekwa kimo gani? Walipima mara nyingi muda ambao maji hutumia kupoa hadi nyuzi 0, na hawakuona maji ya moto yakitangulia. Lakini walionyesha kwamba kukiinua au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kwatosha kuyafanya yaonekane yametangulia. Nilikuwa nimeitumia tofauti ya joto ndani ya chombo kuieleza ajabu, nisitambue kwamba tofauti hiyo hiyo yaweza kuizaa ajabu isiyokuwapo.

Nilipoisoma hoja hiyo nilikumbuka vikombe vyangu. Nilikuwa nimeviweka juu ya utando wa barafu ya jokofu. Kikombe cha moto kiliuyeyusha utando chini yake, kikakaa juu ya chuma chenyewe, kikapoteza joto kwa njia ambayo mwenzake hakuipata. Mpemba na Osborne walijihadhari na kosa hilo kwa kuweka vyombo vyao juu ya povu lisilopitisha joto. Mimi sikujihadhari, nami nilijaribu mara moja tu.

Hata hivyo, sikuhama zaidi ya pale hoja iliponifikisha. Burridge na Linden walipima kupoa hadi nyuzi 0, wala hawakupima kuganda kwenyewe. Maji huweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kisha yakaganda ghafula, na vikombe viwili vinavyofanana visigande kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sisemi kwamba Mpemba hakuona alichokiona. Nasema kwamba haijathibitika kuwa joto la mwanzo ndilo lililokuwa sababu.

Rafiki mmoja ameniuliza kama sioni haya kukana nililofundisha. Haya ya nini? Osborne mwenyewe alisimulia kwamba fundi wake wa maabara, alipoona maji ya moto yametangulia, aliahidi kulirudia jaribio hadi yapatikane matokeo sahihi. Nikiishikilia rai yangu ya zamani baada ya kusoma hoja hii, nitakuwa nimeketi mahali pa fundi yule, ila kwa upande wa pili.

Anayetaka kunirudisha nilikotoka anayo njia. Atumie vyombo vinavyofanana na maji ya kiasi kimoja, aviweke juu ya povu, vipimajoto viwe kimo kimoja, na aseme kabla ya kuanza ni dalili gani ataiita kuganda. Arudie mara nyingi, akibadilishana nafasi za vyombo ndani ya jokofu. Kama maji ya moto yatatangulia kila mara, nitaandika tena.