Mafuta yanaingia mandazi wakati gani?



Juma lililopita, kisha mkutano, mama mmoja wa kundi letu alinivuta pembeni na kunionyesha mandazi mawili ndani ya karatasi. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta mpaka unaona vidole upande wa pili. Andazi moja lilikuwa limevimba upande mmoja tu, upande mwingine umelala kama chapati. Akaniambia: «Mwalimu, nauza kila siku, lakini faida yote inabaki kwenye bidoni ya mafuta. Minervali ya watoto nitaitoa wapi?»

Siku ya posho nilienda kwake Kadutu, tukapika pamoja. Kwanza nilimwomba afanye kama kawaida yake, mimi niangalie tu. Tulipima mafuta kwa chupa ya maji ya litre moja na nusu, iliyojaa. Kwa kilo moja ya farini alipata mandazi 40. Mafuta yalipopoa tukayarudisha ndani ya chupa: yalikuwa yamepunguka karibu desilita 4. Tukaweka alama kwa kalamu, tukaanza tena.

Vipimo vyake havikuwa vibaya, tulivibadilisha kidogo tu. Kwa kilo moja ya farini tuliweka gramu 150 za sukari, kijiko kimoja cha kahawa cha chumvi, vijiko vitatu vya kahawa vya levire kavu, vijiko vitatu vya supu vya mafuta, na maji ya vuguvugu kama desilita 5 na nusu. Yeye alizoea kuweka sukari karibu mara mbili. Sukari nyingi inafanya ngozi iwe nyeusi haraka kabla ndani haijaiva, na andazi linanyonya mafuta zaidi. Maji usimwage yote mara moja, kwa sababu farini hazifanani: weka desilita 5, halafu ongeza kidogo kidogo mpaka kinyunga kiwe laini lakini kisishike vidole.

Yeye alikuwa anakanda dakika tatu hivi. Tulikanda dakika kumi. Utajua imetosha ukivuta kipande kidogo kwa vidole: kinanyooka chembamba bila kukatika. Kinyunga kama hicho kinashika hewa ya levire vizuri, na ngozi yake inavimba bila kupasuka. Pale ngozi inapopasuka ndipo mafuta yanapata mlango.

Kisha tulikifunika na kitambaa chenye unyevu. Hapa Bukavu kuna baridi, na asubuhi kinyunga kinaweza kuomba saa moja na nusu. Dada yangu aliye Uvira, kwenye joto la ziwa, anangoja dakika 45 tu. Kwa hiyo usiangalie saa, angalia kinyunga: kikifika mara mbili ya ukubwa wake, kimekuwa tayari. Ukikiacha kipite hapo, kinajaa matundu makubwa, kinalala kwenye mafuta na kuyanywa kama sponji.

Tulikisukuma na chupa tupu ya bia, tukakata vipande vya unene wa kidole kidogo. Hapa ndipo tulipoona kwa nini mandazi yake yalivimba upande mmoja. Alikuwa anasukuma kutoka katikati, akifika pembeni anakandamiza, kwa hiyo pembeni palikuwa pembamba na katikati panene. Tena vipande vilingoja bila kufunikwa, upepo ukakausha ngozi ya juu. Ngozi kavu hainyooki, ndiyo maana hewa inatafuta upande mwingine. Sukuma sawasawa mpaka mwisho, geuza kinyunga, kisha vifunike vipande na uviache vipumzike dakika 15. Bonyeza kimoja kidogo na kidole: shimo likirudi polepole, ni wakati wa kukaanga. Kung'uta unga uliobaki juu, maana ndio unaoungua chini ya sufuria na kuharibu mafuta.

Sasa tufike kwenye swali la kichwa. Wengi wetu tunafikiri mafuta yanaingia wakati andazi linapochemka ndani ya sufuria. Kama mafuta ni ya moto sawasawa, sivyo. Maji yaliyo ndani ya kinyunga yanageuka mvuke, mvuke unatoka kwa nguvu (zile pofu unazoziona pembeni mwa andazi) na kusukuma mafuta nje. Sehemu kubwa ya mafuta inaingia kisha kutoa andazi motoni. Likianza kupoa, mvuke wa ndani unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na andazi linavuta ndani mafuta yote yaliyobaki kwenye ngozi yake.

Kwa hiyo mambo mawili yanaamua. La kwanza ni moto. Tupa kipande cha kinyunga kama punje ya haragi. Kikibaki chini, mafuta ni ya baridi: mvuke hauna nguvu, na mafuta yataingia hata ndani ya sufuria. Kikipanda juu ukihesabu mbili au tatu, na pofu zinakizunguka, anza. Kikiwa cheusi mara moja, au mafuta yanatoa moshi, toa sufuria juu ya mbabula kwanza. Yule mama alikuwa anatia mandazi kumi kwa mara moja ili kuokoa makala. Mandazi kumi ya baridi yanapoza mafuta yote. Tulitia matano. Kila moja likipanda, tulimwagia mafuta ya moto juu yake kwa kijiko, ili ngozi ya juu iive pamoja na ya chini na andazi livimbe pande zote. Likivimba tu, geuza. Dakika mbili au tatu zinatosha.

La pili ni namna ya kutoa. Yeye alikuwa anayatupa moja juu ya lingine ndani ya beseni ya plastiki, na yale ya chini yalikuwa yanaoga mafuta ya yale ya juu. Sisi tuliliinua kila andazi juu ya sufuria, tukalitikisa, tukalingoja lidondoshe, ukihesabu mpaka tano. Kisha tuliyasimamisha kwa ubavu ndani ya kichungi, juu ya sahani, yasilaliane. Hizo sekunde za kwanza ndizo zenye faida. Ukipangusa kisha dakika tano, mafuta yamekwisha kuingia. Na tafadhali, wamama, msitumie karatasi za kaye zilizoandikwa: wino unashika chakula.

Jioni tulirudisha mafuta ndani ya chupa. Safari hii yalikuwa yamepunguka karibu desilita 2, kwa mandazi 42. Yule mama aliangalia alama mbili za kalamu, akanyamaza, kisha akahesabu kwa vidole: kila siku ya kazi, desilita 2 za mafuta zinabaki kwake. Kwa siku tano ni litre nzima.

Lakini kuna mpaka. Mafuta yaliyobaki yachuje yakiwa yamepoa, uyatumie tena. Ukiona yamekuwa mazito na meusi, yanafanya povu jingi, au yanatoa moshi mapema, yamekufa. Mafuta ya namna hiyo yanashika kwenye ngozi ya andazi na hayadondoki, hata ukitikisa namna gani. Hapo kuokoa ni kupoteza.

Mandazi yakipoa kabisa, yafunike na kitambaa ili yabaki laini mpaka asubuhi. Ukiyafunika yakiwa ya moto, yatalowa.

Juma lijalo, tukijaliwa: namna ya kuchunga haragi isiingie wadudu. Mubaki salama.