Vocha ya Duka si Fedha

Mfanyakazi anayerudisha dukani jokofu bovu aghalabu hujibiwa kwa upole: "Ndugu, fedha yako haipotei. Chukua vocha hii, uje uchague kitu kingine." Wengi huondoka wakishukuru. Sisi twasema kwamba aliyeondoka na vocha hajarudishiwa fedha. Amemkopesha mwenye duka, tena bila riba.

Tuseme mwenzetu alikopa shilingi 650,000 katika chama cha akiba na mikopo, akalipia jokofu kwa simu. Siku ya tatu jokofu halipoozi. Fedha ikirudi katika namba ile ile iliyolipa, ataipeleka chamani na karibu deni lote litafutika. Akipewa vocha, makato ya mshahara yataendelea kila mwezi, kwa maana chama hakipokei karatasi ya duka. Dukani atakuta jokofu la 720,000, aongeze 70,000 asizokuwa nazo. Au atwae la 540,000, na zile 110,000 zibaki humo humo hadi siku ya mwisho iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi.

Na duka likifilisika? Mwenye vocha ni mdai kama wadai wengine wasio na dhamana. Benki iliyowekewa rehani humtangulia. Januari 2013, maduka ya muziki ya HMV huko Uingereza yalipowekwa chini ya wasimamizi, wenye vocha za zawadi walikataliwa. Baada ya siku chache wasimamizi walibadili uamuzi, lakini hilo lilikuwa hiari yao.

Hatumwonei mwenye duka. Mnunuzi aliyechoshwa na rangi ya jokofu zima akipewa vocha, ametendewa hisani. Kitu kibovu ni jambo jingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1893, humtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Mnunuzi aweza kukikataa na kudai bei aliyolipa, mradi asikawie. Naye akiipokea vocha kwa hiari, huenda ikahesabiwa kwamba wamekwisha patana.

Wako pia wanaonung'unika kwamba duka limekataa kuwapa fedha taslimu ilhali walilipa kwa kadi. Hapo duka lina haki. Mwizi wa kadi angenunua asubuhi, akarudisha jioni, akaondoka na noti mfukoni. Fedha ya kadi huchukua siku kadhaa kurudi, na kukawia huko peke yake si hila. Mnunuzi aombe stakabadhi ya marejesho yenye kiasi na namba ya muamala, kisha aulizie benki yake. Karani asiyeweza kutoa namba hiyo hajarudisha kitu bado, na mnunuzi asimwachie risiti ya kwanza.