Ndugu Wandugu Hayupo Kikaoni

Kikao cha jumuiya ya watumia maji kimekwisha. Mwenyekiti alisema kwa sauti inayosikika hadi nje, "Karibu ndugu Ng'wandu." Manukuu ya kompyuta yakaandika: "Karibu ndugu wandugu." Mweka hazina, Bi. Nyamhanga, akaingia kwenye muhtasari kama "nyama hanga". Faili likatumwa kwa wajumbe wote, na aliyelituma akaongeza mstari mmoja chini kabisa: manukuu haya yametengenezwa na kompyuta, huenda yana makosa. Kwa lugha nyingine: tumeona, na hatutarekebisha.

Majina hayo mawili ni ya mfano, lakini miandiko ya namna hiyo inazagaa kwenye ofisi zetu, na kinachonikera si kompyuta. Kompyuta haina aibu, kwa hiyo haina pa kuaibishwa. Kinachonikera ni mwandalizi aliyekuwa na orodha ya wajumbe mkononi tangu wiki iliyopita, kwa sababu ndiyo aliyotumia kuwapigia simu, kuwaandalia posho na kuwatengenezea vitambulisho vya shingoni, kisha akaiacha kwenye droo dakika ile ile ambayo ingefaa kuliko zote.

Halafu anatokea mtu wa kusema kwamba majina yenu ni magumu. Magumu kwa nani? Programu hizi za manukuu hazisikii jina kama unavyolisikia wewe. Zinapokea sauti, zinapata maandishi kadhaa yanayoweza kulingana nayo, kisha zinachagua yale ambayo, kwa maandishi ziliyowahi kuyameza, yana uwezekano mkubwa zaidi wa kufuata maneno yaliyotangulia. Baada ya "ndugu", neno "wandugu" si la ajabu, maana vipande vyake vimeonekana mara nyingi. Ng'wandu halikuonekana, au lilionekana mara mbili tatu, basi likashindwa kwenye hesabu. Ndiyo maana Nyerere huandikwa sawasawa na Nyamhanga likaharibika, ingawa yote mawili yanaanza na sauti ile ile. Nyerere limeandikwa kwenye vitabu na magazeti ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 60. Ugumu haupo mdomoni mwa mtu, upo kwenye ghala la mifano.

Na ghala lenyewe lina hesabu inayojulikana. Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022 na ambayo leo iko ndani ya huduma nyingi za manukuu, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kiingereza peke yake kilipata zaidi ya saa 430,000. Kiswahili, kwa kazi ya kuandika kinachosemwa, kilipata saa 5.4. Soma tena: saa tano na dakika 24, muda wa basi la Dar es Salaam kufika maeneo ya Morogoro kwenye siku ya foleni mbaya. Matoleo ya baadaye yaliongezewa sauti nyingi, na Kiswahili chake kimekuwa bora, lakini jina la ukoo wa Kisukuma au Kikurya bado linategemea bahati.

Sasa, bahati hiyo inaweza kusaidiwa, na hapo ndipo visingizio vinapoishia. Programu hii ina mahali pa kuiwekea maandishi ya utangulizi kabla haijaanza kusikiliza. Haitayachapa, ila itayachukulia kama kitu kilichokwisha kusemwa, na majina yaliyomo yatapanda kwenye hesabu yake. Amri nzima ni hii:

```
whisper kikao.mp3 --language sw --model large-v3 \
  --carry_initial_prompt True \
  --initial_prompt "Mwenyekiti akawakaribisha ndugu Ng'wandu, Bi. Nyamhanga na Mzee Shomvi."
```

Kila sehemu ina kazi yake. `--language sw` inaizuia kubahatisha lugha kwa kusikia sekunde 30 za mwanzo, ambazo mara nyingi ni za mtu anayejaribu kipaza sauti kwa Kiingereza. Majina nimeyaweka ndani ya sentensi, pamoja na "ndugu", "Bi." na "Mzee", kwa sababu hivyo ndivyo yatakavyotamkwa ukumbini. Ile `--carry_initial_prompt True` ndiyo wengi wanayoisahau. Programu inasikiliza kwa vipande vya sekunde 30, na kwa kawaida utangulizi unafanya kazi kwenye vipande vya mwanzo, kisha maandishi mapya yanausukuma nje. Matokeo yake ni kwamba Nyamhanga anaandikwa vizuri wakati wa utambulisho, na anageuka nyama wakati wa taarifa ya fedha. Ukiona jina liko sawa mwanzoni na limeharibika katikati, umeshajua ugonjwa. `--carry_initial_prompt True` inaurudisha utangulizi kwa kila kipande. Kama programu yako ni ya zamani itakataa kuitambua, basi isasishe.

Mipaka ipo. Utangulizi una nafasi ya vipande vya maandishi kama 224 tu, na vipande hivyo si maneno: jina kama Ng'wandu hukatwakatwa na kula nafasi kadhaa. Wajumbe mia hawatoshi. Weka watakaozungumza, si waliohudhuria. Pia majina yakiwa mengi, programu huanza kuyaona pasipo na mtu, hasa penye ukimya au makelele ya viti, na Mzee Shomvi anachangia hoja ambayo hakuitoa. Huduma za kulipia zina matatizo hayo hayo kwa sura nyingine. Ile ya Google ya kugeuza sauti kuwa maandishi inakuruhusu kulipatia neno uzito kuanzia 0 hadi 20, na ukiweka uzito mkubwa mno, kila sauti inayofanana kidogo inakuwa jina hilo.

Kwa hiyo lazima mtu akague, na kukagua hakuhitaji kusikiliza saa mbili upya. Vikao vyetu vina adabu, na adabu hiyo inasaidia: mwenyekiti hampi mtu nafasi bila kumtaja. Tafuta kila "karibu" na kila "asante" kwenye faili. Baada yake lilipaswa kuja jina. Pasipo na jina, sikiliza sekunde kumi za pale, sahihisha, kisha tafuta kosa hilo hilo sehemu nyingine, maana programu ikikosea jina mara moja hulikosea tena, na si lazima kwa tahajia ile ile. "Wandugu" ya kwanza inaweza kuwa "Gwandu" ya pili. Usibadilishe zote kwa mkupuo bila kutazama, kwa sababu mahali fulani kuna mtu aliyesema "wandugu" akimaanisha wandugu.

Angalia na ritifaa, alama ile ndogo ya ng'. Kuna iliyonyooka, ', na kuna iliyopinda, ’, ambayo simu nyingi na programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na programu nyingi zikitafuta Ng'wandu kwa alama moja hazimpati aliyeandikwa kwa nyingine. Chagua moja kwa faili zima. Hilo ni jambo la dakika moja, na ofisi ambazo hazilifanyi ndizo zinazodai kwamba kumbukumbu zao ziko kidijiti.

Kuna wanaoona haya yote ni madoido. Waulize viziwi. Mjumbe asiyesikia anasoma manukuu wakati kikao kinaendelea, na kwake "ndugu wandugu" maana yake ni kwamba hajui nani ameshika kipaza sauti. Marekebisho ya kesho hayamfai. Kwake orodha ya majina inaingizwa kabla ya kikao au haina kazi, na kama huduma mliyolipia haina pa kuiingiza, swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya kununua.

Wasaidizi wa sauti wa simu wana udhalimu wa aina yake. Siri, hadi ninapoandika, haina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, kwa hiyo unamtuma kwa Kiingereza ampigie Ng'ang'a, naye anatafuta kitu ambacho Mwingereza angekitamka. Watu wengi wanasalimu amri: wanahifadhi namba upya kwa jina ambalo simu inaliweza. Msifanye hivyo. Jina hilo lililopindishwa ndilo mtakaloliona kwenye skrini kila siku, na ndilo mtakalomtumia mtu mwingine akiomba namba. Kwenye iPhone, fungua jina, gusa `Edit`, shuka hadi `add field`, chagua `Pronunciation first name` au ile ya jina la mwisho. Hapo andika tahajia ya kuisaidia simu kutamka, ukijaribu mbili tatu na kuisikiliza. Jina lenyewe linabaki kama lilivyo. Programu ya majina ya Google nayo ina nafasi za matamshi. Siri hatapata ng' ya mwanzo safi, kwa sababu Kiingereza hakianzi neno na sauti hiyo, lakini atampigia mtu uliyemkusudia.

Uongo wa mwisho ni ule wa "usijali, mashine inajifunza". Ukisahihisha jina kwenye faili la manukuu, umesahihisha faili. Ukiingia YouTube Studio, kwenye `Subtitles`, ukabonyeza `Duplicate and edit` na kurekebisha kila Nyamhanga, umeiokoa video hiyo moja. Video ya Jumanne ijayo itaanza na nyama upya. Whisper iliyopakuliwa kwenye kompyuta ya ofisi haibadiliki hata herufi kwa masahihisho yako, hata ukiyafanya mwaka mzima. Kampuni zinajua hilo vizuri kuliko mimi, na bado zinaachia neno "kujifunza" litembee mitaani kama ahadi, huku jasho la kusahihisha likimtoka mwenye jina, bure, kila mara kuanzia mwanzo.

Kwenye simu walau mwenye namba ni wewe. Kwenye kikao, kazi si ya ndugu Ng'wandu. Aliyeitisha kikao ndiye anayepaswa kuandika kwenye mwaliko sehemu moja zaidi: jina lako likaeje kwenye kumbukumbu, na ulisome mara moja kwenye kipaza sauti kabla ya kuanza. Rekodi hiyo ya sekunde tatu kwa kila mjumbe ndiyo ya kuijaribia programu mapema, ili jina linaloharibika lijulikane saa tatu asubuhi, kabla mwenyekiti hajafungua kikao, na muhtasari ambao haujapita kwenye "karibu" na "asante" zake usitoke nje ya ofisi ya katibu.