Dashibodi ya Kila Siku, Takwimu za Wiki

Imani imeenea kwamba takwimu zikisasishwa mara nyingi zaidi zinakuwa sahihi zaidi. Imani hiyo ndiyo inayozaa barua fupi ambazo wasimamizi wa dashibodi za afya huwatumia watazamaji wao: kuanzia tarehe fulani dashibodi itasasishwa kila siku badala ya kila wiki, hivyo mtakuwa mnaona hali halisi ya leo. Salamu, sentensi mbili, sahihi, basi. Nasema barua ya namna hiyo inapotosha, hata kama aliyeiandika ana nia njema kabisa. Kinachobadilika hapo si kasi peke yake. Namba iliyoko kwenye kioo inageuka kuwa namba nyingine huku jina lake likibaki lilelile, na mtazamaji ambaye hakuambiwa ataendelea kuisoma kama alivyoizoea.

Tuangalie ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza, maana huko kosa hili lina gharama. Wiki ya ufuatiliaji huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Mhudumu wa zahanati huhesabu wagonjwa kutoka kwenye rejesta, akajaza fomu ya wiki nzima, na kuituma wiki ikishafungwa. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni miongoni mwa nchi nyingi zinazotumia DHIS2 kwa taarifa za afya, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Dashibodi ya DHIS2 kwa kawaida haisomi fomu moja kwa moja. Husoma majedwali ya uchambuzi ambayo seva huyatengeneza upya kwa ratiba, mara nyingi usiku. Anayetangaza kuhamia kila siku anatangaza ratiba hiyo ya seva, hana zaidi. Fomu bado ni ya wiki. Ukiiomba programu ikuonyeshe wagonjwa wa Jumanne kutokana na fomu ya wiki, itakupa nafasi tupu, kwa sababu Jumanne haikuandikwa popote. Ndani ya fomu ile kuna jumla ya siku saba, na hakuna seva inayoweza kuigawa jumla hiyo irudi kuwa siku.

Sasa tuone namba zinavyofanya. Tuseme wilaya ya mfano ina vituo 40, na wiki iliyotangulia, taarifa zote zilipofika, ilikuwa na wagonjwa 196 wa kuhara. Katika wiki mpya hali haijabadilika hata kidogo, wagonjwa ni 196 vilevile. Jumatatu baada ya wiki kufungwa, vituo 12 vimetuma, jumla 55. Jumanne vimefika 24, jumla 118. Jumatano ni 33, jumla 165. Ijumaa ni 38, jumla 190. Viwili vya mwisho vinaingia wiki inayofuata. Chini ya utaratibu wa zamani, seva ilisoma mara moja usiku wa Ijumaa, na mtazamaji akaona 190 badala ya 196, tofauti ndogo isiyomsumbua mtu. Chini ya utaratibu mpya, anayefungua dashibodi asubuhi ya Jumanne anaona 55 pembeni ya 196. Kwa macho yake kuhara kumepungua kwa asilimia 72. Atakayefungua Jumatano ataona kumepungua kwa asilimia 40, na wa Alhamisi kwa asilimia 16. Watu watatu wanaingia kwenye vikao vitatu na habari tatu, zote zimetoka kwenye dashibodi moja, na zote si kweli.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba lina upande. Lingekuwa linapandisha namba leo na kuishusha kesho, watu wangelishtukia mapema. Lakini taarifa zilizochelewa siku zote hupunguza, hivyo nguzo ya mwisho ya grafu itakuwa fupi kila wiki, na kila wiki itasema kwamba mambo yanakwenda vizuri. Hata kengele ya tahadhari inanyamaza. Kiwango cha kuashiria mlipuko kiliwekwa kwa kutazama wiki zilizokamilika, na sasa kinalinganishwa na wiki yenye theluthi moja ya taarifa. Mlipuko ukianza kweli, namba inaweza kukaa chini ya kiwango hadi Alhamisi, na mtazamaji ambaye aliahidiwa hali halisi ya leo ana kila sababu ya kutulia.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kugawa: chukua idadi ya wagonjwa, igawe kwa vituo vilivyotuma. Kwenye mfano wetu 55 kwa vituo 12 ni karibu 4.6 kwa kituo, na 196 kwa vituo 40 ni 4.9, hivyo anguko lile linatoweka. Hesabu hiyo ni bora kuliko kutofanya chochote, lakini inadhani kwamba vituo vinavyowahi vinafanana na vinavyochelewa. Mara nyingi havifanani. Kituo chenye mtandao mzuri na karani wake hutuma Jumatatu asubuhi, na zahanati ya mbali yenye mhudumu mmoja hutuma akipata nafasi. Na zahanati hiyo hupata nafasi kwa shida zaidi wiki ile ambayo wagonjwa wamefurika, yaani wiki ambayo taarifa yake ilihitajika kuliko zote. Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawalijui. Asilimia ya ukamilifu kwenye DHIS2 huhesabu fomu ambazo mjazaji amebonyeza kitufe cha kuthibitisha kuwa amemaliza, ilhali namba alizokwisha kuandika huingia kwenye jumla hata kabla hajabonyeza. Karani akijaza nusu ya fomu jioni umeme ukakatika, seva ya usiku huikusanya ile nusu. Kituo hakihesabiki kuwa kimetuma, lakini wagonjwa wake nusu wamo. Utaratibu wa wiki ulimpa karani muda wa kumalizia kabla mtu hajaona.

Nyuma nako hakutulii. Taarifa zilizochelewa, marekebisho ya waliohesabiwa mara mbili, na washukiwa wanaoondolewa baada ya majibu ya maabara, vyote hubadilisha wiki zilizopita. Zamani mabadiliko hayo yalikuja kwa mkupuo mmoja kwa wiki, na mtu aliyenakili namba kwenye muhtasari wa kikao aliweza kuitetea hadi kikao kijacho. Sasa namba ya wiki iliyopita inaweza kuwa moja leo na nyingine kesho. Hilo si baya, ndivyo takwimu zinavyokomaa. Linakuwa baya pale taarifa mbili za ofisi moja zinapopingana mbele ya baraza la madiwani na hakuna anayeweza kueleza kwa nini, kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe ya kuisoma namba pembeni yake.

Dunia ilipata somo hili kwa kishindo wakati wa UVIKO-19. Nchi nyingi zilipotangaza vifo kila siku, namba zilishuka mwishoni mwa wiki na kuruka katikati ya wiki, kwa sababu ofisi za usajili nazo hupumzika. Ikabidi wachambuzi watumie wastani wa siku saba, yaani waliipokea namba ya siku halafu wakairudisha kuwa ya wiki kwa mkono. Dashibodi ya serikali ya Uingereza ilitofautisha tarehe ya kutangaza na tarehe ya kuchukua sampuli, na siku za mwisho kwenye grafu ya sampuli zikawekewa alama kwamba hazijakamilika. Mwezi Julai 2022 dashibodi hiyo ilirudi kusasishwa mara moja kwa wiki, na Oktoba mwaka huohuo kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, nacho kikahamia wiki kwa idadi ya wagonjwa na vifo. Hizi ni taasisi zenye fedha na wataalamu. Kama kusasisha kila siku kungekuwa usahihi, zingekuwa zinaukimbia usahihi.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya kipindupindu. Ugonjwa unaoua ndani ya saa chache hausubiri Ijumaa, watasema, na wana haki kabisa. Lakini kipindupindu hakisubiri hata dashibodi ya kila siku. Mgonjwa anayeshukiwa hutolewa taarifa papo hapo, mmoja mmoja, na simu inapigwa kwa mganga mkuu wa wilaya kabla fomu ya wiki haijaguswa. Anayetegemea nguzo ya jumla ya wiki ili kukigundua kipindupindu amechelewa tayari, seva isome kila usiku au kila saa. Kazi ambayo usasishaji wa kila siku unaifanya vizuri ni nyingine: unamwonyesha mratibu wa wilaya, Jumanne asubuhi, ni vituo gani 28 bado havijatuma, na anaweza kuvipigia simu siku hiyohiyo. Kwa ajili hiyo naunga mkono mabadiliko haya bila kusita. Ninachokataa ni kumpa mtazamaji wa kawaida zana ya mratibu na kumwambia kwamba ndiyo hali ya ugonjwa.

Wengine wataona kwamba ninataka wiki isiyokamilika ifichwe. Hapana, namba ya umma isifichwe, ila itenganishwe. Kwenye DHIS2 ni suala la kuchagua kipindi. Grafu ya mwenendo inaweza kujengwa kwa wiki mahususi, kuishia ile ambayo mlango wake wa taarifa umeshafungwa, badala ya kuiachia `LAST_4_WEEKS` ambayo huibeba wiki iliyokwisha juzi Jumapili, iwe imetimia au haijatimia. Wiki changa inawekwa kwenye kisanduku chake, na idadi ya vituo vilivyotuma imeandikwa juu yake kwa herufi kubwa kuliko idadi ya wagonjwa.

Na barua iseme hivyo kabla mtu hajafungua kioo. Ningeiandika hivi: “Kuanzia Jumatatu seva itasoma taarifa kila usiku saa nane. Fomu zinabaki za wiki, kwa hiyo hamtaona wagonjwa wa siku moja moja. Namba ya wiki iliyofungwa karibuni itakuwa ndogo mwanzoni na itapanda hadi Ijumaa. Kupanda huko ni taarifa kufika, si ugonjwa kuenea, na udogo wake Jumatatu si dalili ya nafuu. Msiilinganishe na wiki za nyuma kabla vituo 36 kati ya 40 havijatuma. Wiki zilizopita pia zinaweza kubadilika, hivyo kila mnaponakili namba andikeni tarehe ya kuisoma. Kwa wiki nane tutaendelea kuweka namba ya Ijumaa kwa utaratibu wa zamani pembeni ya hii mpya. Vikao vya wilaya vitumie namba ya Ijumaa.” Ni barua ndefu kuliko ile ya sentensi mbili, na ataipinga yule anayeamini kwamba watazamaji hawasomi. Basi aya ileile ibandikwe juu ya grafu yenyewe, mahali ambapo Jumanne asubuhi jicho litaikuta kabla ya kuikuta 55.